Kisirani cha Saa Tisa na Daftari la Kurasa 48

Daftari langu ni lile la shule, la kurasa 48, lenye mistari. Kila ukurasa nimeupiga rula ukapata safu nne: saa, nilichokula au kunywa, hali kabla ya kula, na hali baadaye. Chini kabisa nimeacha mistari mitatu nikaiita "mengineyo". Ukurasa mmoja ni wa siku moja. Hamna safu ya kilo, hamna ya kalori, wala hamna mahali pa kujipa maksi.

Nambari nimeziacha makusudi. Mimi ni karani wa ghala la vipuri huko Shimanzi, Mombasa, na kazi yangu kutwa ni kuhesabu kilichoingia na kilichotoka. Mtu wa kazi hii ukimpa tarakimu lazima ataijumlisha, na akishaijumlisha atataka jumla ya kesho iwe nzuri kuliko ya leo. Mwenzangu mmoja kazini alikuwa na programu ya simu ya kuhesabu kalori. Humo mlikuwa na hamri la aina moja tu. Sasa shangazi yangu wa Kibokoni anakanda mahamri kwa tui zito, jirani yangu wa Majengo anakanda kwa maji na siagi kidogo, na yule wa kibanda cha karibu na ghala letu mafuta yake sijui aliyatia lini. Hamri lipi basi ndilo lile la kwenye simu? Na pilau ya Ijumaa inaliwa sinia moja, mikono mitano au sita, huyu anakusogezea nyama, yule anakupunguzia viazi. Mwenzangu alifika hadi ya kuomba atengewe sahani yake aipime kwanza. Shangazi mtu alinuna wiki nzima.

Kwa hiyo mimi kiasi nakiandika kwa maneno matatu: kidogo, kawaida, sana. Kawaida ni kile ninachojipakulia siku ambayo hakuna mgeni wala haraka. Hayo yanatosha, kwa sababu ninachotafuta si uzito wa chakula. Nataka kujua kipi hufuatana na kipi.

Safu za hali ndizo zilizonisumbua mwanzoni. Wengi hujipa alama, moja hadi kumi. Tabu yake ni kwamba sita ya Jumatatu asubuhi si sita ya Alhamisi jioni, na ukiona tano unaanza kujiuliza ufanye nini ipande. Nilichagua maneno matano nikayaandika ndani ya jalada, na sitoki nje ya hayo: mchangamfu, sawa, mzito, wasiwasi, kisirani. Ukijiachia uandike lolote, leo utaandika "nimechoka choka", kesho "sijielewi", na wiki ikiisha hutaweza kulinganisha chochote na chochote. Kwa upande wa tumbo nina matatu: njaa, uchu, sina njaa. Njaa na uchu mtu huvijua mara moja. Njaa inakubali hata wali wa jana uliopoa, lakini uchu unataka viazi karai vya pale pale, na ukwaju wake.

Hali ya baadaye naiandika kama saa mbili baada ya kula, au nikikumbuka karibu na hapo. Sisubiri usiku. Nilijaribu siku za mwanzo kujaza ukurasa wote kitandani, nikaona kwamba usiku huandika habari za usiku: nikilala nimeudhika basi hata chai ya asubuhi inaonekana ilikuwa na kisirani, na nikilala nimefurahi mchana mzima unasafishika. Mstari ambao sikuuandika kwa wakati wake nauacha wazi. Pengo ni taarifa pia, kwa kuwa mara nyingi mapengo yanaangukia siku za kazi nyingi. Mstari wa kubuni hauna faida kwa mtu.

Sasa nieleze kilichonifanya nilinunue daftari hili. Kuna saa ya mchana, kuanzia saa tisa hivi, ambapo nilikuwa sisemezeki. Dereva akiuliza karatasi yake iko wapi, namjibu kama kwamba ameniibia. Wifi yangu, ambaye tunaishi nyumba moja na hana haya ya kusema, alishaniambia, "Wewe dada ukirudi kazini huwa wanikazia uso mpaka magharib. Nini kikuumacho?" Mimi nilidhani ni joto. Yeye alidhani ni sukari, maana asubuhi yangu ilikuwa mahamri na chai ya maziwa tamu, na kila mtu siku hizi ameshasikia habari ya sukari kupanda na kushuka.

Niliandika kwa majuma kadhaa bila kubadilisha kitu. Hili watu hulirukia. Wanaanza daftari na mlo mpya siku moja, halafu hawajui walikuwa wakila nini kabla. Nilikula kama kawaida yangu, nikaandika. Kisha Jumamosi moja nikachukua kalamu nyekundu nikazungushia kila neno "kisirani", na kutoka kila duara nikapandisha kidole juu nione kilichotangulia.

Mahamri yalikuwapo, naam, karibu kila penye duara. Wifi akaona ameshinda. Lakini nikafanya jambo la pili: nikafungua kurasa ambazo hazina duara hata moja nikazisoma vile vile. Na huko nako mahamri yalikuwapo. Nakula mahamri takriban kila asubuhi ya kazi, kwa hiyo lazima yaonekane kila mahali, kwenye siku njema na siku mbaya. Ukisoma siku mbaya peke yake, utakilaumu kila unachokula mara nyingi.

Tofauti ilikuwa kwenye safu ya kwanza, ile ya saa. Siku zisizo na duara nilikuwa nimekula chakula cha mchana saa saba au kabla kidogo. Siku za duara, mzigo ulikuwa umeshushwa mchana na mimi nimesimama na orodha mkononi, chakula kikaja saa tisa au kisije kabisa. Kutoka mahamri ya saa moja asubuhi hadi saa tisa ni saa nane. Katikati nilikuwa nikinywa chai tamu, kikombe cha saa nne na kikombe cha saa sita, na chai hiyo ilikuwa ikiificha njaa bila kuishibisha. Katika safu ya "kabla" ya chakula hicho cha kuchelewa nilikuwa hata siandiki njaa. Nimeandika "sina njaa", na pembeni yake, kisirani. Njaa iliyopitiliza hujitokeza hivyo kwa baadhi yetu: tumbo linanyamaza, ulimi unakuwa mkali.

Hata hivyo mahamri hayakutoka bila hatia yoyote. Siku nilizokula mahamri matupu, njaa ilinishika saa nne. Siku nilizoyala na mbaazi za nazi, sahani ya kawaida, nilifika saa sita nikiwa sawa. Hili lina maelezo yake. Unga mweupe wa ngano na sukari humeng'enywa upesi, sukari ya damu ikapanda kisha ikateremka. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, na tui lina mafuta, na vyote hivyo huchelewesha chakula kutoka tumboni. Lakini mbaazi peke yake hazikuzuia kisirani cha saa tisa. Kulikuwa na kurasa zenye mbaazi asubuhi, mlo wa mchana umechelewa, na duara jekundu liko pale pale.

Nilikuwa na mambo mawili ya kubadilisha, nikabadilisha moja. Kiamsha kinywa nilikiacha kama kilivyo, nikashughulikia mchana tu. Ukibadilisha mawili kwa pamoja na hali ikapata nafuu, hutajua lipi la kushukuru, na utayabeba yote mawili hata kama moja halina kazi.

Shida ni kwamba saa ya kontena kufika siipangi mimi. Kujiambia "nitakula saa saba" hakusaidii ikiwa saa saba lori limeegeshwa mlangoni. Ila kuna kitu kimoja Shimanzi hakikosi: adhana ya adhuhuri, ambayo hapa kwetu huwa saa sita na nusu hivi, ikicheza dakika chache mwaka mzima. Ikisikika, vijana wa kushusha mzigo huenda kuswali, na hata lori husimama. Nikaifanya hiyo ndiyo alama. Tukishaswali, nafungua kopo. Ndani ya kopo si mlo kamili. Ni ndizi mbivu na karanga, au mhogo wa kuchemsha uliobaki, au mbaazi za asubuhi na kipande cha mkate. Kitu cha kula umesimama, dakika kumi, kisha kazi inaendelea na wali unakuja utakapokuja. Sikuamua kiasi. Nilichoamua ni kwamba kopo litafunguliwa baada ya swala, na kwenye daftari nikaandika "kopo" bila zaidi.

Wiki ya kwanza kopo lilisahauliwa nyumbani mara kadhaa. Nilipolihamishia jikoni karibu na ufunguo wa mlango halikusahaulika tena. Madaftari mengi hufia hapa: mtu ameona tatizo vizuri kabisa, lakini tabia mpya ameiacha ielee, haina saa wala mahali pa kushika.

Kisirani kilipungua. Hakikwisha, na kilichobaki kikawa rahisi kukiona kwa vile kile kikubwa kilishaondoka. Baadhi yake kilikuwa kikija siku mbili tatu kabla ya hedhi, kopo likiwa limefunguliwa na kila kitu kiko sawa. Ndiyo maana kwenye "mengineyo" natia nukta siku hizo. Bila nukta ningeanza kuzishuku ndizi. Hapo pia naandika usingizi, kwa neno moja, mzuri au mbovu, na stima ikipotea usiku wa Februari, feni ikasimama, naandika "joto". Usiku wa kaskazi usio na feni unaharibu siku inayofuata kuliko chakula chochote ninachokijua.

Mabaki mengine sikuyaona hadi nilipoacha kusoma ukurasa mmoja mmoja. Nilikuwa nikisoma kwenda kulia: nilikula hiki, nikahisi hivi. Wifi ndiye aliyelaza daftari mkekani, kurasa mbili zimefunguka, akasema, "Angalia hapa, ule mzito wa Jumanne si wa Jumanne." Jumatatu baada ya isha nilikuwa nimekunywa kahawa chungu na tende barazani, vikombe vitatu vile vidogo. Kwenye safu ya "baadaye" nimeandika mchangamfu, na ni kweli, kulikuwa na mazungumzo na upepo. Chini yake, usingizi: mbovu. Ukurasa wa pili, mzito tangu asubuhi. Kafeini kwa mtu mzima huchukua kama saa tano kupungua nusu, na hutofautiana sana baina ya watu. Kahawa ya saa mbili usiku, nusu yake bado imo mwilini saa saba usiku. Kwa hiyo kahawa inasifiwa kwenye mstari wake, na lawama inaandikwa ukurasa wa kesho. Tangu hapo nasoma mshazari: usiku wa leo na asubuhi ya kesho, pamoja.

Kahawa sikuiacha. Nimeirudisha kabla ya magharib, na usiku wa barazani nakunywa tangawizi. Ukifika Ramadhani hesabu hii ina faida nyingine. Mtu aliyezoea kahawa au chai nyingi mchana akiikata ghafula, kichwa humuuma kuanzia kati ya saa kumi na mbili na saa ishirini na nne baada ya kikombe cha mwisho, na kwa wengine maumivu huendelea siku kadhaa. Watu wengi husema ni funga. Mimi siku hizi katika Shaaban ya mwisho mwisho napunguza kikombe kimoja, siku chache baadaye kingine, na funga ya kwanza kichwa kinakuwa chepesi. Daftari lenyewe mwezi huo linageuka: safu ya saa inaanza na futari na kuishia daku, na hali ya kutazamwa sana ni ile ya alasiri. Silinganishi kurasa za Ramadhani na za miezi mingine. Ni maisha mengine yale.

Kuna vyakula ambavyo daftari limeviokoa. Baadhi ya jioni tunashuka na wenzangu hadi ufuoni Mama Ngina kula mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, tukitazama meli zikiingia Kilindini. Kabla: uchu. Baadaye: mchangamfu, karibu kila mara, na usingizi mzuri. Mlo wa simu wa yule mwenzangu ungeifuta mihogo ile siku ya kwanza. Sijui kama ni mihogo au ni upepo au ni kucheka, na sioni haja ya kuvitenganisha. Nilijaribu kununua mihogo hiyo hiyo nikailia nyumbani peke yangu, niliandika "sawa".

Lakini maneno nayo yanaweza kugeuka minyororo, msidhani ni tarakimu tu. Nimejiwekea dalili tatu za kuangalia. Kwanza, nikijikuta naandika kabla ya kula ili niamue kama nile, badala ya kuandika nilichokwisha kula. Pili, nikianza kukwepa sinia la watu kwa sababu ya mstari utakaobidi niuandike. Tatu, ukurasa mtupu ukinitia hatia. Ikitokea mojawapo, daftari linaingia droo wiki mbili. Yule mwenzangu wa programu nilimshauri asianze hata daftari. Kwake yeye kuandika chakula kwa namna yoyote kulikuwa kunamrudisha kule kule, akaamua kuzungumza na daktari wa mambo ya akili, na huko ndiko alikopata nafuu. Vile vile mtu ambaye neno "mzito" limejaa karibu kila siku kwa wiki mbili mfululizo, halali vizuri wala hana hamu ya chochote, huyo hahitaji kalamu nyekundu. Hali kama hiyo hupelekwa hospitali, na daftari liende naye, litamsaidia kueleza.

Siandiki mwaka mzima, hata hivyo. Naandika hadi jambo moja lieleweke na tabia yake ikae, kisha naacha. Kopo sasa halihitaji kuandikwa. Adhana ikisikika mkono unaenda wenyewe. Nikiona kitu kipya kinanisumbua, nafungua tena pale nilipoishia, na daftari moja la kurasa 48 limenichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Mamangu ana kisukari, na kwake yeye sikuthubutu kusema habari za kuacha nambari. Ana kijitabu chake cha kliniki ambamo anaandika kipimo cha asubuhi kabla ya kula, na tarakimu zile ndizo zinazompa daktari uamuzi wa dawa. Hizo haziguswi. Nilichofanya ni kumwekea daftari lake pembeni, la maneno, halina hali za moyo, lina alichokula usiku tu: kitu gani, saa ngapi, kidogo au sana. Mwanzo alinicheka. "Mwanangu, wanihesabia matonge?"

Nikamwambia, "La mama, waandika jina la chakula tu."

Alipokwenda kliniki alibeba vyote viwili. Muuguzi akaviweka sambamba mezani, akafuata kwa kidole zile asubuhi ambazo kipimo kilikuwa juu, na kila akivuka kwenye daftari la pili usiku wake anakuta tambi za sukari na nazi, zimeliwa saa nne, tena "sana". Asubuhi nyingine zilizokuwa shwari hazikuwa na tambi. Hakumpigia kelele. Alimuuliza tu kama angeweza kuzipunguza na kuzila mapema, apime tena wiki hiyo waone.

Mama akakunja kijitabu chake akatia mkobani. "Basi tambi zitapikwa mchana," akasema, "na nyinyi wa kazini mtazikosa."